Ramani za zamani za mji wa Zanzibar juu ya ramani ya leo: karatasi, Google Earth Pro au QGIS?

Wakuu, hii ni kwa wale wenye skani mbili tatu za ramani za zamani za mji wao na wanataka kuzilaza juu ya ramani ya leo waone mji ulianzia wapi na ukaelekea wapi. Njia zinazotumika sana ni tatu: unatresi kwa mkono kwenye tresing pepa, au unaweka picha juu ya Google Earth Pro unaivuta mpaka ikae, au unaingia QGIS, programu ya bure ya kuchora na kupima ramani, unaifunga ramani kwa koordineti. Watu hubishana ipi bora kana kwamba ni timu za mpira, wakati ukweli ni kwamba kila moja ina swali inaloweza kulijibu na swali ambalo ukiiuliza inakudanganya bila aibu.

Mfano wangu ni mji wa Zanzibar, manake una mfululizo mzuri wa ramani na pia una mitego yote unayoweza kukutana nayo kwingine. Kuna ramani ya Mfaransa Guillain, nahodha aliyefika kule mwaka 1846, ramani yenyewe ikaja kuchapishwa miaka ya 1850. Kuna ile iliyopimwa 1892, ambayo ina majengo mengi zaidi na hata Ng'ambo, sehemu ya mji iliyo upande wa pili wa hori la bahari, inaonekana. Halafu zinakuja za mipango miji, ya Lanchester iliyochapishwa 1923 na ya Kendall ya 1958. Kwa ramani ya leo unaweza kutumia majengo ya OpenStreetMap, au picha za droni za Zanzibar Mapping Initiative, kazi iliyoanza 2016.

Na maswali yetu yawe mawili tu, tusijitawanye. La kwanza, hori lililokuwa linaingia kutoka kaskazini Funguni na kupita nyuma ya mji mpaka karibu na Mnazi Mmoja, kingo zake zilikuwa wapi? Hori hilo lilifukiwa kwa awamu karne ya 20 na barabara ya Creek Road, leo Benjamin Mkapa, inapita pale pale. La pili, majengo ya Ng'ambo yalikuwa yamefika wapi kila ramani ilipochorwa?

Tresing pepa

Unaprinti ramani zote kwa skeli moja, unalaza tresing juu ya dirisha lenye mwanga au meza ya kioo yenye taa chini, unatresi vitu vichache vya kudumu kwa peni nyeusi na ukingo wa mji kwa rangi, kila ramani na rangi yake. Watu wanaidharau hii njia ila mimi naona kwa ramani ya 1846 ndiyo inayokufundisha kusoma. Ukichora kwa mkono unalazimika kuangalia kila mstari na kujiuliza huu ni ukuta au ni njia, haya madoa ni nyumba za mawe au vibanda vya makuti, mbona hapa mchoraji ameweka nukta nukta tu. Kwenye kompyuta unaruka haya yote manake mkono uko bize na mausi.

Shida yake ni skeli. Printa na fotokopi zinabadilisha ukubwa kidogo, tena si sawa pande zote, na karatasi ya zamani nayo inanywea kwa unyevu, mara nyingi zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Kwa hiyo ukifunga ramani kwenye Ngome Kongwe utakuta Mnazi Mmoja imekimbia, ukirekebisha Mnazi Mmoja ngome inasogea. Unaanza kuteleza tresing kidogo kidogo kila mtaa unaochora, na hapo hutajua tena umeteleza kiasi gani wala kwa nini. Kwa swali la Ng'ambo, yaani mji ulikua kuelekea upande gani, inatosha. Kwa kingo za hori ambapo unatafuta mita, hapana.

Google Earth Pro

Ni bure, laptop ya kawaida inaiweza. Unaenda Add, halafu Image Overlay, unachagua skani yako, inatokea na mistari ya kijani: pembe na pande za kuvuta, msalaba katikati wa kuihamisha, na kialmasi cha kuizungusha. Unapunguza uzito wa picha kwa kile kitelezi cha opacity ili uone mji wa leo chini yake, unavuta mpaka ngome ikae juu ya ngome. Ukiwa na ramani tano unazipanga, unaziwasha na kuzizima, na mtu yeyote asiyejua mambo ya GIS anaelewa palepale. Kwa kuonyesha wazee wa mtaa na kuwauliza hapa palikuwa na nini, hakuna cha kuishinda, unatuma faili la KMZ basi.

Faida nyingine ambayo wengi hawaitumii ni zile picha za miaka ya nyuma ndani ya Google Earth yenyewe. Beit al-Ajaib, jengo la 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Ukitaka kuitumia kama alama ya kufungia ramani ya 1892, rudisha picha nyuma kabla ya hapo uone jengo zima.

Sasa ubaya. Image Overlay inajua kuhamisha, kuzungusha na kuvuta urefu au upana, basi. Haikupi namba yoyote ya kosa. Jicho lako ndilo linaamua, na jicho hupenda kuridhika mapema: ukishaona ngome na ufukwe wa Shangani vimekaa unasema tayari, kumbe upande wa Darajani umehama na ndiko swali lako liliko. Pia usisahau kwamba picha ya setilaiti nayo inaweza kuwa imekaa pembeni mita kadhaa, na majengo marefu yanaonekana yamelala upande, kwa hiyo linganisha kwa msingi wa jengo na si kwa paa.

QGIS

Hapa ndipo kazi ya kweli ya mita inafanyika, na ndipo pia watu wanapojikaanga wenyewe kwa mafuta yao. Georeferencer iko kwenye menyu ya Layer (matoleo ya zamani iko chini ya Raster). Unafungua skani, unaweka pointi kwenye skani na mahali pake kwenye ramani ya leo, softwea inapiga hesabu inalaza picha. Kwa Zanzibar tumia mfumo wa koordineti wa EPSG:32737, ambao ni UTM kanda ya 37 kusini, vipimo viwe kwa mita. Ukiwa na ramani za miaka ya 60 au 70 zenye gridi iliyochapwa, soma pembeni kwanza, nyingi za Afrika Mashariki zinatumia Arc 1960 ambayo ni EPSG:21037, na ukizichanganya hizo mbili ramani nzima inahama kwa mamia ya mita halafu unalaumu mpimaji wa wakati ule bure.

Kilichobaki ni pointi na aina ya hesabu, na kila kitu kinaamuliwa hapo.

Pointi kwanza. Unataka kona ya kitu kilichokuwepo siku ile na bado kipo palepale na ukuta uleule. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17 na kuendelea, ni nzuri kwa ramani zote. Msikiti wa Mnara wa Malindi ni wa miaka ya 1830, unafaa hata kwa Guillain kama unaweza kuutambua kwenye skani. Kanisa la Anglikana la Mkunazini lilijengwa miaka ya 1870 pale palipokuwa soko la watumwa, kwa hiyo ni halali kwa 1892 na si kwa 1846. Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu lile lenye minara miwili, ambalo kila mtu analikimbilia kwa sababu linaonekana vizuri kwenye picha ya setilaiti, limejengwa miaka ya 1890 baada ya ramani ya 1892 kupimwa, sasa ukilifunga kwenye jengo lolote la ramani ile umefunga kwenye kitu kingine.

Mtego mkubwa kuliko yote ni kasri ya ufukweni. Kwenye ramani ya 1892 kuna majumba ya sultani yamepangana pale mbele, na leo pale pale kuna jumba la kasri ambalo ni makumbusho. Mtu anaona ikulu hapa na ikulu pale, anabofya. Lakini tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mabomu pale, Beit al-Hukm ikaisha, Beit al-Sahel ikaharibiwa na kujengwa upya, na mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib ukaenda. Kinachoonekana leo si kuta zile.

Tuseme umeweka pointi 12 kwenye ramani ya 1892 na umechagua Polynomial 1. Chini kuna jedwali lenye safu ya residual, yaani kila pointi imekosa mahali pake kwa kiasi gani; kawaida inasoma kwa pikseli, kwa hiyo kwenye mipangilio ya Georeferencer chagua vipimo vya ramani ili isome mita. Pointi 11 zinacheza kati ya mita 3 na 8, moja inasoma mita 40, na ni ile ya kasri. Usiifute haraka! Kwanza ijaribu: izime kwa kuondoa tiki, uone zingine zinafanyaje. Kama wenzake wote wanashuka ghafla, yeye ndiye alikuwa anawavuta na ndiye mwongo, mwondoe na andika sababu. Kama wenzake hawatikisiki, rudi ukaangalie jengo lenyewe, huenda limehama kweli au mpimaji alikosea pale, na hiyo ni habari ya kuandika, usiitupe.

Pia angalia mstari wa mwambao. Usitumie ufukwe kama pointi ya kufungia. Ufukwe wa Zanzibar umejazwa, bandari imejengwa, Forodhani imebadilishwa kuwa bustani ya miaka ya 1930. Na hapa naingia kwenye aina ya hesabu manake mambo haya yanashikana.

Helmert, Polynomial 1 au Thin Plate Spline?

Helmert inahamisha, inazungusha na kukuza pande zote sawa, inataka pointi 2 tu. Hii unaitumia ukiiamini ramani na karatasi yake. Polynomial 1 inaongeza uhuru wa kuvuta urefu na upana tofauti na kuegemeza kidogo, inataka pointi 3 kwa uchache, na ndiyo inayofaa karatasi iliyonywea upande mmoja. Kwa ramani ya 1892 mimi nachukua hii bila kufikiria mara mbili, ila kwa pointi 10 hadi 15 zilizotawanyika mji mzima, siyo zote zimerundikana Shangani. Ukirundika upande mmoja, upande wa pili wa hori unaning'inia hewani. Projective ni kwa ile picha uliyopiga na simu ukiwa umeinama juu ya meza ya maktaba, inataka 4, na bado skani ni bora.

Thin Plate Spline ndiyo inayowapendeza wengi. Kila pointi uliyoweka inakaa kamili mahali pake, residual zinasoma sifuri au karibu na sifuri, ramani inalala kama ngozi juu ya ngoma na unajiona fundi. Sifuri ile haina maana yoyote, manake hesabu yenyewe imeundwa kupitia kila pointi, hata ile uliyoikosea. Ile pointi ya kasri ya mita 40 ungeiweka hapa ingemezwa kimya kimya na mitaa ya jirani ingepindishwa kuifuata bila namba yoyote kukuambia.

Mbaya zaidi ni hii. Mtu anaweka pointi kando ya ufukwe na kando ya hori kwa kufuata Creek Road ya leo, anawasha Thin Plate Spline, halafu anatangaza kwamba ukingo wa hori mwaka 1892 ulifuata barabara ya leo kabisa kabisa. Ulifuata kwa sababu wewe uliuvuta! Hesabu imekula ushahidi wako mwenyewe. Kwa swali la hori, kitu chochote unachotaka kukipima hakiruhusiwi kuwa pointi ya kufungia.

Inafaa lini basi? Ikiwa ramani imeundwa kwa vipande vilivyogundishwa au karatasi imekunjwa na kupinda sehemu sehemu, na una majengo mengi ya uhakika yametawanyika pande zote. Hata hapo, ficha pointi 3 au 4, usiziingize kwenye hesabu, ukishamaliza upime zimekosa kwa mita ngapi kwa ile ruler ya QGIS. Hiyo ndiyo namba yako ya kweli. Ukiona mitaa iliyonyooka kwenye skani imekuwa mawimbi baada ya kulazwa, achana nayo rudi Polynomial 1.

Guillain tumfanyeje?

Ramani ya 1846 ina shida ambayo softwea haitatui, yaani majengo yaliyobaki mpaka leo ni machache. Ukitaka kuifunga moja kwa moja kwenye mji wa leo utapata pointi nne tano za wasiwasi. Hapa nashauri uende kwa ngazi: funga 1892 kwenye leo, halafu funga 1846 kwenye 1892. Miaka 46 kati yao ni michache kuliko zaidi ya 170, vitu vinavyofanana ni vingi. Ile Beit al-Sahel tuliyoikataa kwa ramani ya leo, hapa inarudi kuwa pointi nzuri, manake ilijengwa enzi za Seyyid Said na ilikuwepo kwenye ramani zote mbili kabla ya mabomu.

Gharama yake ni kwamba makosa yanapanda ngazi pamoja na wewe. Tuseme 1892 imekaa kwa kosa la mita 6, na 1846 juu yake kwa mita 15, kosa la jumla kwa makadirio ni mzizi wa 36 jumlisha 225, kama mita 16. Kwa hiyo ukikuta ukingo wa hori wa 1846 uko mita 10 kutoka ule wa 1892, usiseme hori lilisogea. Ukikuta mita 60, unayo haki ya kuongea. Na kumbuka unene wa mstari pia: mstari wa nusu milimita kwenye skeli ya 1:5,000 ni mita 2.5 ardhini, kwenye 1:10,000 ni mita 5, hata ukuze skani vipi hupati zaidi ya hapo.

Kwa 1846 tumia Helmert. Ndiyo, residual zitakuwa kubwa na zitakuudhi, lakini zitakuwa za kweli, zinakuonyesha mchoraji alipima vizuri wapi (mara nyingi upande wa bahari, manake yeye ni mtu wa meli) na wapi alikadiria kwa macho.

Kwenye kuchora ukingo wa mji

Ukishalaza ramani, kwenye QGIS unachora poligoni kwa kila eneo lililojengwa. Usiandike mwaka mmoja tu. Weka safu mbili, `haipo_hadi` na `ipo_kufikia`. Mtaa wa Ng'ambo ambao haupo kwenye 1846 na upo kwenye 1892 unaandikwa 1846 na 1892, haimaanishi ulijengwa 1892, umejengwa mahali fulani katikati. Na tumia mwaka wa kupimwa, siyo wa kuchapwa, la sivyo Guillain anakuongezea karibu miaka kumi ya uongo.

Halafu eneo jeupe. Mahali peupe upande wa Ng'ambo kwenye ramani ya 1846 panaweza kuwa shamba kweli, au ni vibanda ambavyo mchoraji hakuona sababu ya kuvihangaikia kwa sababu alikuwa anatafuta nyumba za mawe, maji na mahali pa kutia nanga. Rangi ya tatu ya "haijulikani" ni lazima uwe nayo, na hapa ndipo Google Earth na tresing vinabanwa, manake kwenye vitu hivyo huna pa kuweka hayo maelezo isipokuwa pembeni kwa penseli au kwenye kisanduku cha maandishi. Kwenye QGIS ni safu tu ya jedwali, na unaweza kuchuja na kutoa ramani tano za mji ukikua.

Sasa uchague nini

Kama unachotaka ni kuonyesha watu mji ulianzia Shangani na Malindi ukavuka hori kwenda Ng'ambo, kwenye mkutano wa mtaa au darasani, Google Earth Pro inatosha na QGIS itakupotezea wiki bure. Kama ramani yako ni mchoro usio na skeli wala kaskazini, anza na tresing, jisomee, usikimbilie kuifunga koordineti manake utaipa usahihi ambao haina. Kama kuna neno "mita" popote kwenye swali lako, au utagombana na mtu kuhusu mpaka wa kiwanja au kingo za hori, ni QGIS, Polynomial 1 kwa ramani ya kupimwa, Helmert kwa mchoro wa baharia, Thin Plate Spline kwa masharti niliyosema tu.

Wengi wetu tunaishia kuchanganya: Google Earth kwa kutafuta pointi na kurudisha picha nyuma, QGIS kwa kufunga, kisha tunatoa KMZ ya kuwarushia jamaa kwenye simu. Ukimaliza kufunga, hifadhi lile faili la `.points` pamoja na skani ambayo haijaguswa, mtu mwingine akija na pointi bora ya Malindi ataongeza mstari mmoja na kupiga hesabu upya bila kuanza upya kubofya pointi zote 12.